Kitabu cha shule: ile bei ya nakala kwenye kotesheni sio gharama ya kitabu

Siku hizi kupata kotesheni ya kuchapa kitabu ni kazi ya dakika chache tu, unaandika idadi ya kurasa, saizi, rangi na idadi ya nakala, unatuma kwa viwanda vitatu vinne na jioni haijafika una majibu yote kwenye simu. Ni jambo zuri. Ila limezaa mjadala wa ajabu kidogo kuhusu vitabu vya shule, maana kila mwenye kotesheni mkononi anaona ameshajua kitabu kinagharimu kiasi gani, na hapo hitimisho huwa mawili: kwamba wachapishaji ni wezi, kitabu kinachapwa kwa mbili wao wanauza tano, na kwamba dawa ni kuagiza mzigo mkubwa ili bei ya nakala ishuke mpaka chini kabisa. Mimi naona yote mawili yanatoka kwenye kosa moja la kusoma namba. Bei ya nakala kwenye kotesheni inakwambia nakala inatoka kiwandani kwa shilingi ngapi, basi. Gharama ya kitabu unaijua ukichukua hela yote iliyotumika ukaigawanya kwa nakala zilizofika kwa wanafunzi na zikatumika, na ukishaifanya hesabu hiyo, mambo mengi yanayosikika kama busara (agiza nyingi, bana uhariri, chukua karatasi nyepesi) unakuta ndo yanayopandisha gharama.

Tuchukue kitabu kimoja tukipigie hesabu. Ni cha sayansi, saizi A4, kurasa 160, rangi kamili ndani na nje. Kwa kuwa hela zetu hazifanani, kipimo changu kitakuwa bei ya kilo moja ya karatasi, hiyo naiita uniti 1, na kila mtu ataibadilisha mwenyewe kwa bei ya kwake. Nimechagua karatasi kwa sababu ndo kitu kinachonunuliwa kwa uzito karibu kila mahali, na ndo huwa mzigo mkubwa kuliko wote mashine ikishaanza kuzunguka. Bei nyingine zote humu nimeziweka mimi kwa mfano, kwako zitasogea juu au chini, ila namna zinavyosukumana ni ile ile.

Karatasi kwanza. Shiti ya kiwandani ya sentimita 64 kwa 90 inabeba kurasa 8 za A4 kila upande, kwa hiyo pande zote mbili ni kurasa 16, ikikunjwa inakuwa fungu moja. Kurasa 160 ni mafungu 10 kamili. Shiti hiyo ikiwa ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 46 hivi, kwa hiyo nakala moja inakula gramu 461, na kitabu kikishakatwa kingo kurasa zake zinabaki na kama gramu 400, ile tofauti ni vipande vinavyoanguka chini ya kisu na umevilipia. Ongeza asilimia 5 ya shiti zinazoharibika wakati wa kuseti mashine na kukunja, unafika karibu kilo 0.48, yaani uniti 0.48. Kava yenye laminesheni weka 0.14, wino na kuendesha mashine 0.20, kushona na kugundisha 0.25, kufunga maboksi 0.03. Jumla uniti 1.10 kwa kila nakala, uchape moja au uchape laki.

Halafu kuna hela inayotoka kabla hata nakala ya kwanza haijakauka wino. Uhariri wa maudhui na wa lugha, pamoja na mtaalamu wa somo kupitia majibu ya mazoezi, 2,500. Kupanga kurasa na kuchora michoro 3,500. Vibali vya picha na kusoma prufu 1,000. Hapo ni 7,000. Kisha kiwandani: rangi kamili inataka pleti 4, yaani bati zinazobeba sura ya kurasa, moja kwa kila rangi, kwa kila upande wa shiti, fungu moja pleti 8, mafungu 10 pleti 80, na kava 4, jumla 84, na kila mara pleti zinapobadilishwa fundi anaseti mashine upya. Pleti na kuseti vyote weka 2,000. Kwa hiyo kabla hujapata chochote cha kushika umeshatumia 9,000.

Sasa ndo unaona kwa nini watu wanaupenda mzigo mkubwa. Ukichapa 1,000, ile 9,000 inagawanywa kwa wachache na nakala inafika uniti 10.10. Ukichapa 5,000 inashuka mpaka 2.90. Ukichapa 10,000 ni 2.00, na 20,000 ni 1.55. Mtu akiziona namba hizi anajisemea kwa nini nisichukue elfu ishirini, nakala inapungua karibu robo ya bei. Na hoja yake ina uzito wake, sitaki kuidharau: kutoka elfu moja kwenda elfu tano ukishindwa kuongeza oda unaumia kweli, na ndo maana vitabu vya masomo yenye wanafunzi wachache ni ghali na vitaendelea kuwa ghali hata mchapishaji awe malaika. Ila angalia tena ile hatua ya mwisho, 10,000 kwenda 20,000. Bei ya nakala imeshuka kwa 0.45, lakini hela unayotoa mfukoni imepanda kutoka 20,000 mpaka 31,000. Umeongeza 11,000, na hiyo ni hela halisi inayolipwa leo, ila ule unafuu wa 0.45 utaupata tu kama zile nakala elfu kumi za juu zitapata wenyewe.

Tuseme wanafunzi waliokihitaji kitabu wakawa 12,000. Uliyechapa 20,000 umetumia 31,000 kwa vitabu 12,000, kila kimoja 2.58, na nakala 8,000 zimebaki stoo, ni kama tani tatu na nusu za karatasi iliyochapwa zinazosubiri unyevu na mchwa. Mwenzako aliyechapa 10,000, akaona zinaisha, akarudi kiwandani kwa 2,000 zaidi, oda yake ya pili inamgharimu pleti na kuseti upya 2,000 na nakala zenyewe 2,200, nakala 2.10. Jumla yake 24,200 kwa vitabu 12,000, wastani 2.02. Kotesheni zake zote mbili zilikuwa na bei mbaya kuliko ya kwako, na bado kitabu chake ni rahisi. Geuza sasa upande wa pili, tuseme mahitaji yakafika 20,000 kweli. Yeye atachapa mara mbili na kulipa 33,000, wewe 31,000. Kwa hiyo mtu anayechapa kidogo kidogo anachohatarisha ni 2,000, na anayechapa yote kwa mkupuo anahatarisha mpaka 11,000 kama mahitaji yataishia elfu kumi. Sijui biashara gani nyingine mtu angeona uamuzi huu ni mgumu, ila kwenye vitabu ile namba ndogo kwenye kotesheni inapofusha.

Na kitabu cha shule kina hatari ambayo riwaya haina, mtaala ukibadilika stoo nzima inakuwa takataka siku hiyo hiyo. Sio lazima ubadilike wote, inatosha mada mbili zihamishiwe darasa la juu, au utaratibu wa mitihani ubadilike, walimu watakikwepa kitabu hata kama robo tatu yake iko sawa. Kwa hiyo swali la kuchapa ngapi usiliulize kwa bei ya nakala, liulize kwa muda: nakala nitakazomaliza ndani ya mwaka mmoja au miwili ni ngapi? Hiyo ndo oda yako ya kwanza, na ya pili ipangie bajeti kabisa tangu mwanzo.

Kuna kambi nyingine ambayo imevuka mpaka upande wa pili, inasema siku hizi kuna mashine za dijitali, hazina pleti, nakala ya kwanza na ya elfu bei moja, kwa hiyo habari za oda kubwa zimekufa, chapa hamsini hamsini kadiri watu wanavyoomba. Hii kwangu ndo hoja dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake hauko kwenye mashine, mashine ni nzuri. Tuseme dijitali inakutoza uniti 5 kwa nakala ya kurasa 160 za rangi. Ofseti, yaani ile mashine ya pleti tuliyoipigia hesabu, inataka 2,000 za mwanzo halafu 1.10 kwa nakala. Tofauti ni 3.90 kwa kila nakala, kwa hiyo ofseti inarudisha ile 2,000 ukifika karibu nakala 510. Chini ya hapo nenda dijitali bila kufikiria mara mbili, juu ya hapo kila nakala unayoichapa kwa dijitali unaitupia 3.90. Wanachosahau hasa ni kwamba ile 7,000 ya uhariri na kupanga kurasa haijali mashine gani. Mtu anayechapa 300 kwa dijitali anadhani kitabu chake kimegharimu 5, kumbe ni 5 na juu yake 23 na kitu za maandalizi, isipokuwa kama maandalizi hayo hakuyafanya, na mara nyingi ndo hivyo. Dijitali nafasi yake ni ile ya kujaza pengo: nakala za kupeleka kwa walimu wajaribu darasani kabla ya oda kubwa, au zile mia mbili za mwisho ambazo haziwezi kubeba pleti mpya.

Nirudi kwa wale wanaosema wizi. Kitabu kimetoka kiwandani kwa 2.00, dukani kinauzwa 5. Duka likichukua asilimia 30 hiyo ni 1.50, mrabaha wa mwandishi asilimia 10 ni 0.50, usafiri na stoo tuseme 0.40. Mchapishaji anapokea 2.60, anatoa 2.00, anabaki na 0.60, ambayo ndo inalipa wafanyakazi na kodi ya ofisi. Sawa, hapo bado anaonekana anapata. Lakini amechapa 10,000, na zile zilizouzwa ni 8,000, nyingine zimegawiwa bure kwa walimu wa kukagua, zimeharibika njiani, zimebaki. Mapato yake ni 20,800 na matumizi ni 20,000, faida ya mzigo mzima ni 800, na hapo hajalipa riba kama hela ya karatasi aliikopa. Simaanishi hakuna wachapishaji wanaojipangia bei za kukomoa, wapo, hasa pale ambapo shule haina kitabu kingine cha kuchagua. Ila uwiano wa mbili kwa tano peke yake hauthibitishi kitu, na anayetaka kuukamata wizi aanze na nakala zilizouzwa, ndo apande kwenye bei.

Sasa uhariri, maana hapa ndo bajeti huwa inakatwa kwanza. Hoja inajulikana, mwandishi ni mwalimu mzoefu, amefundisha somo hilo miaka mingi, mhariri ataongeza nini zaidi ya koma. Kata 2,500 iwe 1,000, umeokoa 1,500. Kwenye oda ya 10,000 hiyo ni 0.15 kwa nakala, mwanafunzi hataiona bei hiyo popote. Na kinachoondoka ni kile ambacho mwandishi hawezi kujifanyia mwenyewe hata awe bingwa, kwa sababu kila mtu husoma alichokusudia kuandika. Kitabu cha shule ni mtego wa namna yake: zoezi namba 7 linarejelea mchoro 4.3 ambao baada ya kuongeza picha moja umekuwa 4.4, jibu la nyuma ni la swali lililofutwa kwenye rasimu ya pili, sura ya 2 inasema uzito na sura ya 6 inasema masi kwa kitu kile kile, mshale wa mchoro wa moyo unaelekeza kwenye mshipa wa jirani. Hakuna hata moja kati ya hizo litakaloonekana kwa kupitisha macho. Linaonekana kwa mtu anayekaa na orodha ya michoro upande mmoja na kurasa upande wa pili, akikokotoa kila jibu upya, na huyo anataka kulipwa.

Kosa lina bei yake kutegemea umelikamata wapi, na bei hiyo inapanda kwa kuruka. Kwenye rasimu ni bure, ni kufuta na kuandika. Kurasa zikishapangwa, aya moja ikiongezwa inasukuma mstari, mstari unasukuma picha, picha inahamia ukurasa wa pili, na mpanga kurasa anakutoza kwa saa, ndo maana wenye akili huweka kwenye mkataba kwamba mwandishi akishasaini rasimu ya mwisho mabadiliko yake yanayozidi kiwango fulani analipia yeye. Pleti zikishatoka, kubadilisha neno jeusi ni pleti moja tu, kubadilisha picha ya rangi ni nne. Ikiwa mzigo umeshachapwa ila haujafungwa, unalichapa upya lile fungu kwa nakala zote 10,000: karatasi uniti 480, pleti na kuseti kama 200, kuendesha mashine 200, jumla 880 kwa kosa moja. Ikiwa vimeshafungwa, unabaki na kikaratasi cha masahihisho ambacho kitadondoka wiki ya kwanza, au unatupa mzigo. Yaani makosa mawili tu ya ngazi ile ya fungu yamekula 1,760, wakati kwa kubana mhariri uliokoa 1,500.

Namna ya kujua kama uhariri ulifanyika kweli sio ngumu, omba ile faili au makaratasi yenye alama za mhariri na maswali aliyomuuliza mwandishi. Kitabu cha kurasa 160 ambacho mhariri hakumuuliza mwandishi swali hata moja hakijahaririwa, kimepitiwa tahajia.

Kwenye kupanga kurasa kuna kitu kimoja tu nataka kukitaja, idadi ya kurasa. Rasimu ikipangwa ikatoka kurasa 163, hakuna kitu kinaitwa kurasa 163 kiwandani. Utalipia fungu la 11, lote au nusu kutegemea na mashine, na hizo kurasa za ziada zitabaki nyeupe au zitaandikwa "maelezo yangu", ambazo naona zimekuwa nyingi kwenye vitabu sa hizi na sidhani ni kwa mapenzi ya kuandika maelezo. Fungu moja zima kwa nakala 10,000 tumeshaona ni karibu 880. Mpanga kurasa mzuri anarudi kupunguza nafasi za juu ya vichwa vya habari, anabana pambizo milimita mbili, anaunganisha mazoezi, anazirudisha zile tatu ndani ya 160. Amekulipa sehemu kubwa tu ya ujira wake kwa kazi ya siku moja. Ndo maana hesabu ya kurasa inatakiwa kufungwa kabla ya kuomba kotesheni, mimi nimeshaona kotesheni imetolewa kwa kurasa 144, kitabu kikaja na 172, halafu lawama zikaenda kwa kiwanda.

Limebaki la karatasi na ufungaji. Ukishuka kutoka gramu 80 kwenda 60 unaokoa robo ya uzito, 0.12 kwa nakala. Ukiacha kushona mafungu ukakata migongo na kugundisha kwa gamu tu, tuseme unaokoa 0.12 nyingine. Nakala inashuka kutoka 2.00 mpaka 1.76, kotesheni inapendeza. Lakini gramu 60 kwenye kurasa zenye picha za rangi pande zote mbili inaonyesha picha ya nyuma ndani ya maandishi ya mbele, mtoto anasoma mchoro wa jani wenye kivuli cha ramani. Na kitabu kilichogundishwa tu, kinapofunguliwa kikalazwa mezani kila siku, gamu ya kawaida inakauka na kupasuka katikati, kurasa zinaanza kutoka moja moja. Kama kile cha kushona kitapita kwa watoto wanne, mwaka mmoja kila mmoja, gharama ni 0.50 kwa mtoto kwa mwaka. Kile cha 1.76 kikifa baada ya miaka miwili ni 0.88. Hapa kuna upande wa pili lazima niuseme, kama kitabu ni cha mazoezi ambacho mtoto anaandika ndani yake, kwa hiyo mwaka ukiisha kimeisha, basi kushona ni kupoteza hela na gramu 60 ya rangi moja inatosha kabisa. Ubora wa kufunga uendane na miaka unayotegemea kitabu kiishi, na hilo liandikwe kwenye oda kwa maneno, lisiachwe kwa kiwanda kukisia. Sampuli ikija, ifungue katikati, ibonyeze mpaka ilale, kisha vuta ukurasa mmoja, na uangalie mgongoni: kitabu cha kushona utauona uzi katikati ya kila fungu, ukurasa wa 8 na wa 9 kama hesabu inaanzia ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Kwa hiyo shule, umoja wa walimu au mwandishi anayetaka kulinganisha viwanda, badala ya kuomba bei ya nakala kwa oda moja, aombe vitu viwili vimetenganishwa: gharama ya kuanza, na bei ya kila elfu moja ya nyongeza. Ukiwa na hizo mbili unaweza kupiga mwenyewe hesabu ya 3,000, 8,000 au 15,000 bila kumuuliza mtu, na unaona mara moja kiwanda kipi kina mwanzo wa bei nafuu ila kinakumaliza kwenye nyongeza. Aulize pia oda ya pili ndani ya mwaka itatozwa kuanza kwa kiasi gani, na kama kuna nakala zinazozidi au kupungua kwenye oda nani anazilipia, maana viwanda vingi vina asilimia yao ya kuzidisha au kupunguza, na ukiambiwa baadaye unakuta umelipia vitabu mia tano ambavyo hukuviomba. Kiwanda ambacho hakitaki kutenganisha hizo namba mbili, mimi ningekipita tu hata kama bei yake ya nakala ndo ya chini kuliko zote.